Kinanyooka kikibanwa, kinapinda kikifunguliwa: pini tatu, mbili na moja

*"Nina karakana ndogo Arusha. Ninatengeneza vitako vya alumini ya kusubu vinavyobeba beringi mbili za mashine ya kupukuchua mahindi. Kitako kina urefu wa milimita 280 na upana wa 160, bamba lake lina unene wa 12, juu kuna pedi mbili zilizoinuka na kwenye pembe kuna masikio manne. Ninakilaza juu ya vipande vinne vya chuma kwenye meza ya milingi, ninasukumia ubavu wake kwenye reli ndefu, kisha ninabana masikio yote manne kwa bolti za M12. Kikiwa kimebanwa, geji inaonyesha pedi zote mbili ziko sawa ndani ya 0.02. Nikifungua, zinatofautiana hadi 0.2, na beringi zinachemka. Matundu nayo yanahama karibu nusu milimita kutoka kitako kimoja hadi kingine. Nimeongeza kukaza, haisaidii. Je, nitengeneze jigi yenye sehemu nyingi zaidi za kukishikilia?"*

Ndugu fundi, usiongeze sehemu za kushikilia, wala usiongeze kukaza. Geji yako inasema kweli: pedi zilikuwa sawa wakati kikatio kinapita juu yake. Ambacho hakikuwa sawa ni kitako chenyewe. Kilikuwa kimeshapindishwa na vibano kabla kikatio hakijakigusa, kikakatwa kikiwa katika hali hiyo, na ulipofungua bolti kikarudi kwenye umbo lake la mwanzo na kuzigeuza pedi pamoja nacho. Ile 0.2 unayoiona ni nakala ya upindaji uliokuwapo chini ya vibano. Kwa hiyo hata ukikata taratibu sana, hata ukinunua kikatio kipya, tofauti itabaki pale pale, kwa sababu haitokani na ukataji.

Tuanze na vile vipande vinne vya chuma. Wapishi wetu wamelijua jambo hili tangu zamani: mafiga ni matatu, na chungu hakiyumbi juu yake hata ardhi ikiwa na mabonde. Nukta tatu daima zipo kwenye bapa moja. Nukta ya nne itakuwa kwenye bapa hilo kwa bahati tu, na kitu kilichotoka kwenye mchanga wa kusubu hakina bahati hiyo. Ukikiweka kitako chako juu ya vipande vinne bila kukibana, kisha ukapitisha fila geji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia mapengo, chini ya kila sikio, utakuta sikio moja linaelea, na kwa alumini ya mchanga pengo la 0.3 au 0.4 si jambo la kushangaza. Ukikaza bolti ya sikio hilo, pengo linafungwa. Limefungwa kwa sababu kitako kimesokoteka kutoka pembe moja hadi nyingine.

Nataka uone jinsi kusokota huko kulivyo kwepesi, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea hesabu. Bamba la alumini lenye unene wa milimita 12, masikio yake yakiwa umbali wa 240 kwa 140, huhitaji nguvu ya chini ya nyutoni 200 kwenye pembe moja ili kufunga pengo la 0.4. Hiyo ni kama uzito wa kilo 20. Pedi zinaongeza ugumu kiasi, kwa hiyo kwenye kitako chako nguvu inaweza kuwa kubwa zaidi ya hapo, lakini bado ni nguvu ambayo nati iliyokazwa kwa vidole na kuguswa kidogo na spana inaifikia. Ndiyo maana hukuhisi spana ikigoma, na ndiyo maana kupunguza kukaza peke yake nako hakutakuponya. Kasoro ya kwanza iko kwenye mpangilio wa nukta, na nguvu ni kasoro ya pili.

Mpangilio sahihi unajulikana kwa jina la tatu, mbili, moja, na una sababu yake. Kitu chochote kilicho huru kinaweza kwenda kwa namna sita: kusogea kwa urefu, kwa upana, na kwa kimo, halafu kuzunguka kwenye kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Kazi ya fiksha, yaani kifaa kinachokiweka na kukishika kitu mezani kinapokatwa, ni kuzuia kila mwendo kati ya hiyo sita mara moja tu. Pini tatu chini ya uso mpana zaidi zinazuia kushuka na zinazuia kuinama kwa pande zote mbili. Miendo mitatu imekwisha. Pini mbili kwenye ubavu mrefu zinazuia kusogea kwa upana na zinazuia kitako kugeuka mezani kama mshale wa saa, imebaki mmoja. Pini moja kwenye ubavu mfupi inazuia kusogea kwa urefu. Jumla ni pini sita, na kila kitako utakachokiweka kitakaa mahali pale pale kwa sababu hakina chaguo jingine. Ukiongeza pini ya saba iliyo ngumu, itazuia mwendo ambao tayari umezuiwa, na pini mbili zinapogombania mwendo mmoja, kinachotoa nafasi ni kitu kilicho laini kuliko vyote, yaani kazi yako. Kipande chako cha nne cha chuma ndicho pini hiyo ya ziada.

Kanuni haisemi pini ziwekwe wapi, na hilo ndilo linalohitaji macho ya fundi. Zile tatu za chini zinapaswa kuwa mbali iwezekanavyo, ili kosa dogo la kimo lisigeuke kuwa mwinamo mkubwa, na pembetatu yake inapaswa kubeba kitovu cha uzito na sehemu kubwa ya ukataji. Kwa kitako chako ningeweka mbili chini ya masikio mawili ya upande mmoja mfupi, na ya tatu katikati ya upande wa pili, chini ya ule ukingo wa bamba ulio nje ya pedi. Kwa kuwa uso wa chini haujasafishwa, vichwa vya pini viwe na mviringo mdogo, ili viguse mahali pamoja tu na visikae juu ya kinundu cha mchanga. Pini za kichwa bapa ni za uso uliokwisha kukatwa. Ziinue pini zote angalau milimita 10 juu ya bamba la fiksha, ili taka za kukata zidondoke na brashi ipite. Taka moja ya unene wa 0.1 chini ya pini inaharibu kila ulichokipanga.

Sasa tuje kwenye matundu yanayohama, kwa sababu nayo yanatoka kwenye chanzo kilekile. Reli ndefu inaonekana kama kitu cha uhakika kwa kuwa yenyewe imenyooka, lakini ubavu wa kitako haukunyooka. Kitako cha kwanza kinaigusa reli kwenye vinundu viwili vilivyo karibu na mwisho, cha pili kinaigusa kwenye vinundu vilivyo katikati, cha tatu kwingine kabisa. Kila kimoja kinakaa kwa pembe yake. Chukua mfano wa vinundu viwili vilivyoachana milimita 50, kimoja kikiwa kimezidi mwenzake kwa 0.1: kwa urefu wa 240 mwelekeo wa kitako umehama kwa 0.48. Hiyo ndiyo nusu milimita yako. Pini mbili zilizoachana milimita 220 zingeligeuza kosa lile lile la 0.1 kuwa 0.11. Ondoa reli, weka pini mbili karibu na ncha za ubavu mrefu, na hakikisha haziangukii kwenye mshono wa kalibu au mahali mlango wa kumiminia alumini ulipokatwa kwa msumeno, kwa kuwa sehemu hizo hubadilika kutoka kitako hadi kitako. Paka rangi alama za pini kwenye kitako kimoja, umpelekee msubuji wako, umwombe asizisugue kwa tupa sehemu hizo. Msubuji na mtu wa milingi wakikubaliana juu ya nukta sita za kuanzia, nusu ya ugomvi wa vipimo huisha.

Pini zikikaa vizuri, swali linakuwa vibano viegemee wapi. Jibu ni fupi: kila kibano cha kushuka kiwe juu ya pini moja kwa moja, ili nguvu ipite kwenye chuma kutoka kibano hadi pini kwa mstari ulionyooka. Nguvu ya namna hiyo inagandamiza unene wa bamba tu, na kwa alumini ya milimita 12 mgandamizo huo ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwenye geji. Nguvu ikiangukia mahali pasipo na pini chini yake, bamba linafanya kazi ya boriti, na boriti hupinda. Hesabu ya boriti inasema upindaji unakua kwa mchemraba wa umbali kati ya vishikio. Bamba lako, likiwa limekaa juu ya vishikio viwili vilivyoachana milimita 200 na kubanwa katikati kwa nguvu ya nyutoni 5,000, litashuka karibu nusu milimita. Vishikio hivyo vikisogezwa hadi milimita 100, kwa nguvu ileile, litashuka takribani 0.065, yaani moja ya nane. Nguvu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni njia yake.

Kibano chenyewe nacho kina tabia zake. Kile cha bapa, chenye bolti katikati na kiegemezo nyuma, hugawa nguvu ya bolti kwa umbali. Bolti ikiwa katikati kabisa, kazi inapata nusu na kiegemezo kinapata nusu. Ukiisogeza bolti karibu na kazi, kazi inapata sehemu kubwa zaidi kwa kukaza kulekule. Weka kiegemezo cha nyuma juu kidogo kuliko sikio, tofauti ya milimita moja hivi inatosha, ili ncha ya mbele ndiyo ishuke na kugusa juu ya pini. Kikiwa chini kuliko sikio, kibano kinaegemea kwenye ukingo wa sikio kwa nyuma, mbali na pini, na kinaanza kulivunja sikio kama mkono wa nyenzo. Nimeona masikio ya alumini yakichanika kwa sababu hiyo peke yake, kwa bolti ambayo haikukazwa kupita kiasi.

Sasa kiasi cha kukaza. Uhusiano wa kukadiria unaotumiwa katika karakana ni huu:

T = K × d × F

T ni nguvu ya kuzungusha spana katika nyutoni-mita, d ni kipenyo cha bolti katika mita, F ni mvuto ndani ya bolti katika nyutoni, na K ni karibu 0.2 kwa nyuzi kavu za kawaida. Mtu anayesukuma ncha ya spana ya milimita 300 kwa nguvu ya kama kilo 25 anazungusha kwa nyutoni-mita 75 hivi. Kwenye M12 hiyo inazaa karibu nyutoni 31,000 ndani ya bolti, na kwa bolti iliyo katikati ya kibano, nyutoni 15,000 na zaidi juu ya sikio. Ni kama kuweka tani moja na nusu kwenye kila pembe ya kitako.

Linganisha na kile kikatio kinachodai. Tuseme unakata alumini kwa kasi ya mita 200 kwa dakika na mashine inatumia kilowati 1.5 kwenye ukataji, ambacho ni kiasi kikubwa kwa mkato wako. Gawanya nguvu kwa kasi, unapata msukumo wa nyutoni 450. Zidisha kwa 2.5 kwa ajili ya mitetemo na kikatio kinachoanza kuwa butu, unapata takribani 1,125. Kama unategemea msuguano wa chini ya kitako peke yake, na kuchukua kipimo cha msuguano kuwa 0.2, unahitaji mgandamizo wa jumla wa nyutoni 5,600 hivi. Kwa vibano vitatu hiyo ni chini ya 1,900 kila kimoja. Bolti ya M12 iliyo katikati ya kibano inatoa nyutoni 2,100 juu ya kazi kwa kukazwa nyutoni-mita 10 tu. Kwa spana ile ile ya milimita 300, ni msukumo wa kilo tatu na nusu. Ukipanga mkato ili kikatio kisukume kitako kuelekea pini za ubavu badala ya kukivuta kitoke, pini zinabeba sehemu ya msukumo na akiba yako inakua zaidi.

Usichukue namba hizo kama ruhusa ya kulegeza kila kitu. Zinahusu kitako hiki, alumini hii na mkato huo. Ukikata chuma cha pua, au ukitumia kikatio kikubwa kinachogonga, fanya hesabu upya. Pia nyuzi zilizopakwa mafuta zina K ndogo, kama 0.15, kwa hiyo kukaza kulekule kunazaa mvuto mkubwa zaidi. Chagua hali moja, nyuzi zako zote ziwe kavu au zote ziwe na mafuta, na kama unaweza, nunua spana moja ya kupimia nguvu ya kukaza. Ndiyo kifaa kitakachofanya kitako cha hamsini kibanwe kama cha kwanza, hata siku ambayo kijana wako ndiye anayebana.

Vibano vya ubavu ni habari tofauti. Kazi yake ni kusukuma kitako kiguse pini za ubavu, basi. Springi, au skrubu ya kukaza kwa vidole, inatosha. Anza na hivyo, hakikisha fila geji ya 0.03 haipiti kwenye pini yoyote kati ya tatu za ubavu, halafu ndipo ushushe vibano vya juu kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka kiasi ulichokipanga. Ukianza na vya juu, vya ubavu havitaweza tena kukisogeza, na utadhani kimefika kwenye pini kumbe hakijafika.

Huenda umeshajiuliza: ule upande wenye pini moja katikati, masikio yake mawili yananing'inia, na kikatio kitakapopita kwenye pembe za pedi hiyo je, hapatatetemeka? Patatetemeka, na kwa bamba jembamba utaona mawimbi kwenye uso. Hapo tunaweka jeki mbili ndogo, moja chini ya kila sikio. Jeki hizi hazihesabiwi kwenye zile pini sita kwa sababu hazipangi mahali kitako kinapokaa. Zinakifuata pale ambapo pini zimeshakiweka. Namna ya kuziinua ndiyo siri yake. Funga kwanza vibano vitatu vilivyo juu ya pini. Weka geji ya saa juu ya sikio, iweke sifuri, kisha inua skrubu ya jeki kwa vidole mpaka sindano itikisike, na urudishe mpaka iwe ndani ya 0.01. Funga nati ya kuzuia jeki isigeuke. Usibane sikio hilo kwa kibano. Jeki ipo kupokea msukumo wa kikatio kutoka juu, na hiyo inatosha. Ukiwa na vitako vingi, ipo jeki yenye springi ndani, inayopanda yenyewe kugusa kazi na kufungwa kwa skrubu ya pembeni, na fundi mzuri wa kukereza vyuma anaweza kukuchongea.

Kabla ya kutengeneza chochote, fanya jaribio moja kwenye mpangilio ulio nao sasa, ili usiniamini kwa maneno. Chukua kitako kibichi ambacho hakijakatwa. Kiweke kama kawaida yako, simamisha geji ya saa juu ya pedi karibu na sikio linaloelea, iwe sifuri, kisha kaza bolti moja moja huku ukitazama sindano. Ikisogea 0.15 au 0.2, umeona kwa macho yako kosa likiingia kabla ya mkato wowote. Rudia kwa kuweka bati jembamba chini ya sikio linaloelea, unene sawa na pengo lililopimwa na fila geji. Sindano inapaswa kutulia ndani ya 0.02.

Jaribio hilohilo linatenganisha ugonjwa wa vibano na ugonjwa mwingine unaofanana nao sana. Alumini ya kusubu hupoa nje kabla ya ndani, na hubaki na mivutano ndani yake. Ukiondoa ngozi ya upande mmoja kwa mkato mzito, mizani ya mivutano hiyo inavunjika na kitako kinapinda chenyewe, hata kama kilibanwa kwa ustadi. Tofauti ni hii: sindano ikisogea wakati wa kukaza kabla ya kukata, kosa ni la vibano. Ikitulia wakati wa kukaza, halafu ikaruka wakati wa kufungua baada ya kukata, kosa ni la mivutano ya ndani. Tiba ya huu wa pili ni kukata kwa awamu: ondoa sehemu kubwa na uache kama milimita 0.7, fungua vibano vyote, acha kitako kipoe na kikae kitakavyo, kisha kibane tena kwa nguvu ndogo na umalizie. Ningekushauri ufanye hivyo kwa hali yoyote, kwa sababu joto nalo lina lake. Alumini ya urefu wa 280 iliyopanda joto nyuzi 30 inarefuka karibu 0.19, na ukitoboa matundu ikiwa ya moto, umbali kati yake utapungua ikipoa.

Kuhusu jigi ya kutobolea: unaihitaji tu kama unatoboa kwa keekee ya kusimama. Kama mashine yako ya milingi ina kipimo cha meza unachokiamini, toboa palepale baada ya kumaliza pedi, kabla hujafungua kibano hata kimoja. Kila unapofungua na kufunga upya unaongeza kosa jingine. Ukiamua kutumia keekee, usijenge jigi yenye reli na kingo zake. Tumia pini zilezile sita, na juu yake weka bamba lenye bushi za chuma kigumu zinazoongoza biti. Acha nafasi kati ya bushi na pedi inayokaribia kipenyo cha biti, ili taka zitoke chini badala ya kupanda ndani ya bushi na kuila. Bushi ikiwa juu sana, biti inaanza kutangatanga kabla haijauma.

Kama baadaye utahitaji kukigeuza kitako ili ukate upande wa chini, usirudi tena kwenye ubavu mbichi. Kilaze juu ya pedi zilizokwisha kukatwa, na utumie matundu mawili yaliyo mbali zaidi kama vishikio vya ubavu. Tundu moja liingie pini ya duara, la pili liingie pini iliyochongwa pande mbili ikabaki na sura ya almasi. Sehemu zilizochongwa zielekee kwenye mstari unaounganisha matundu mawili, ili tofauti ndogo ya umbali isizuie kitako kuingia, huku zile zilizobaki zikizuia kisigeuke. Pini mbili za duara kamili zingekuwa tena zinagombania mwendo mmoja, na ungelazimika kukipiga kitako nyundo ili kiingie.

Je, yote haya yanalipa? Inategemea idadi. Kwa vitako kumi, usitengeneze fiksha. Weka pini mbili za ubavu na moja ya mwisho kwenye mifereji ya meza, tumia vipande vitatu vya chuma kama nukta za chini, na masikio yasiyo na pini yajazie bati lililopimwa kwa fila geji. Inachukua dakika kadhaa kwa kila kitako na ni kazi ya kuchosha, lakini inatoa pedi zilizo sawa. Kuanzia hamsini hivi, na hasa kama wateja watarudi kuomba vilevile, bamba la chuma la unene wa milimita 25, pini sita za chuma kigumu zilizoingizwa kwa kubanana na jeki mbili vitajilipa kwa muda tu utakaouokoa. Pini ziwe za kutoka na kubadilishwa, kwa kuwa zitalika.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi. Ikiwa umebana juu ya pini, sindano imetulia, umekata kwa awamu, na bado kitako kinaruka zaidi ya 0.1 kikifunguliwa, mpelekee msubuji wako kitako hicho mkononi mkaangalie pamoja alipoweka mlango wa kumiminia na anakitoa kwenye mchanga baada ya muda gani. Ikiwa pedi zinatoka sambamba lakini uso wake una mkwaruzo upande mmoja tu wa njia ya kikatio, kichwa cha mashine hakiko wima na kinahitaji mtu aje na geji na kioo cha kusawazishia. Na ikiwa kitako kimewahi kuchomoka chini ya vibano, hata mara moja, simamisha kazi mpaka mtu mwenye uzoefu asimame kando ya mashine yako na kuitazama inavyokata. Kwa kuwa uko Arusha, TEMDO wapo mjini kwako, na usanifu wa mitambo na vifaa vyake ndiyo kazi yao. Vyuo vya VETA vyenye karakana za mashine navyo vina walimu wanaoweza kuisoma fiksha kwa macho. Nenda na kitako kimoja kibichi, kimoja kilichopinda, na karatasi yenye namba za sindano ulizoziandika wakati wa kukaza kila bolti.